Kutoka mlango wa jikoni mpaka statu ya WhatsApp

Kuna sentensi moja inarudi mara mingi katika kazi za mwanzo za sosiolojia: "Kwenye Facebook watu wanavaa maski, kwa hiyo utambulisho wao ni wa uongo, sawa vile Goffman alisema." Shida ni kwamba Goffman hakusema vile. Alichosema kinaeleweka vizuri tukifuata historia ya kitu kidogo sana: mlango wa jikoni.

Tuanze mbele yake kidogo. Pale Chikago, mwalimu George Herbert Mead, aliyekufa mwaka 1931, alifundisha kwamba mtu hazaliwi na "mimi" iliyo tayari ndani yake. Mtoto anajifunza kujiona kwa macho ya wengine: mama, wenzake wa mchezo, mwisho jamii yote. Wanafunzi wake walikusanya mafundisho yake na kuyatoa kuwa kitabu mwaka 1934. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1937, Herbert Blumer akaipa njia hiyo jina: mwingiliano wa ishara. Maana yake si ngumu. Watu wanatenda kufuatana na maana ambayo vitu viko nayo kwao, na maana hiyo inazaliwa kati yao, wakati wanapokutana na kuongea.

Sasa Erving Goffman. Huyu ni Mkanada aliyesomea Chikago. Kuanzia Desemba 1949 mpaka Mei 1951 alifanya utafiti katika kisiwa kidogo cha Shetland, kaskazini mwa Skotlandi. Kulikuwa hoteli pale. Wenye kuiongoza walikuwa watu wa kisiwa, na jikoni walikula na kuongea sawa watu wa kisiwa. Lakini upande wa wageni walipaswa kuonekana watu wa tabaka la kati. Katikati kulikuwa mlango. Watumishi wa meza walitaka ubaki wazi, juu ya kupitisha sahani vizuri na kuchungulia kama wageni wako tayari. Wakubwa wa hoteli walitaka ufungwe, wageni wasione desturi za jikoni. Goffman anaeleza kwamba karibu kila siku mlango ule ulisukumwa kwa hasira na kufungwa kwa hasira.

Hapo njo ilitoka sehemu kubwa ya kitabu chake juu ya namna mtu anavyojionyesha katika maisha ya kila siku, kilichotoka Edinburgh mwaka 1956, kisha Amerika mwaka 1959. Kuna upande wa mbele, pale tunaigiza mbele ya watazamaji, na kuna upande wa nyuma, pale tunapumzika na kujitayarisha. Angalia vizuri: yule mkubwa wa hoteli hakuwa mtu wa kweli jikoni na mwongo mezani. Alikuwa na watazamaji wa namna mbili, na kila upande ulikuwa na heshima yake. Wewe pia unaongea na baba mkwe kwa sauti moja, na wenzako wa kabati kwa sauti ingine, na hakuna mwenye kukuita mwongo. Kinachofanya hiyo iwezekane ni ukuta na mlango.

Basi swali la kweli ni hili: mlango ukiondolewa, kunatokea nini?

Joshua Meyrowitz alijibu mwaka 1985, wakati internet ilikuwa haijafika kwa watu wa kawaida. Yeye aliangalia redio na televizheni, na mfano wake mmoja ni Stokely Carmichael, kijana aliyechaguliwa kuongoza chama cha wanafunzi waliotetea haki za weusi wa Amerika mwaka 1966, mwaka ule ule alipotangaza "nguvu ya weusi." (Ni yeye aliyeoa Miriam Makeba mwaka 1968, wakahamia Gine.) Carmichael alikuwa na namna mbili za kuhutubia. Mbele ya weusi alikuwa moto. Mbele ya wazungu alipanga hoja pole pole kama mwanachuo. Kila namna ilifaa pale pake. Lakini alipoingia katika redio na televizheni, watu wote wakamsikia pamoja, na ikabidi achague moja. Alichagua ile ya weusi. Kwa maelezo ya Meyrowitz, akawapata hao na akawatisha wale wengine. Hakukuwa namna ya tatu ya kuwaridhisha wote.

Televizheni ilivunja kuta za watu wachache wanaohutubia. Telefone imevunja zetu sote. Mwaka 2011 Alice Marwick na danah boyd walichunguza watumiaji wa Twitter na kuonyesha hali hiyo: watazamaji wa mazingira mbalimbali wanaporomoka na kuwa kundi moja, na mwenye kuandika anabaki kuwaza tu ni nani anamusoma. Mbele kidogo, mwaka 2010, Bernie Hogan alikuwa ameongeza jambo ambalo kazi nyingi zinasahau. Goffman aliongea juu ya onyesho la sasa hivi: mwigizaji anaona uso wa mtazamaji na anajirekebisha. Lakini picha iliyowekwa Facebook ni sawa kitu katika maonyesho ya makumbusho. Mwenyewe ameondoka, kitu kimebaki, na mashine ya jukwaa njo inachagua ni nani atakionyeshwa.

Tuchukue kisa kimoja tukipime. Tuseme mwanafunzi wa Bukavu ametetea memwari. Jioni anaweka picha tatu kwenye statu: moja na kostimu mbele ya jiri, moja na mama, moja na chupa mezani pamoja na wenzake. Kwa wenzake, picha ya tatu inasema "tumeshinda pamoja." Kwa mjomba aliyelipa minervali, chupa ile ile inasema "kumbe feza iko, na mimi ninaendelea kukopa." Kwa mchungaji inasema kitu cha tatu. Ishara ni moja, maana ni tatu. Hapo uko na Blumer na Goffman katika picha moja, na hakuna mahali kijana amedanganya.

Kijana anaweza kufanya nini? WhatsApp inaruhusu kuondoa majina fulani kati ya wenye kuona statu, na statu inapotea kisha saa 24. Ni sawa kujenga tena mlango. Lakini mwenzake mmoja akipiga picha ya kioo na kuituma katika kikundi cha familia, mlango umefunguliwa na mtu mwingine, sawa vile kule Shetland.

Kwa hiyo, ukiandika kazi yako, acha kwanza swali la "ukweli au uongo," maana huwezi kulipima. Chukua chapisho moja, andika makundi ya watu wanaoliona, uliza kila kundi limeelewa nini, na uliza mwenyewe alikuwa anawaza nani. Usihesabu tu "like," juu ya mjomba anaweza kuona na kunyamaza, na kunyamaza kwake pia ni jibu. Kisha tafuta mpaka wa nadharia yenyewe: Goffman anatusaidia kuona watu wawili wanaokutana, lakini hatuambii mengi juu ya kampuni yenye kumiliki nyumba, ukuta na mlango. Pale Shetland, waliogombana juu ya mlango walikuwa wote ndani ya hoteli.