Nyuki Asiyeuma Huuma

Kisangani, neno nyuki humtosha kila mdudu wa asali: yule mwenye mwiba, na yule mdogo anayejenga ndani ya shina la mti na kuacha kimlango chembamba kama mrija. Huyu wa pili huitwa nyuki asiyeuma, na hapo jina linayumba, maana kuuma ni kwa meno pia. Mwiba wake umedumaa hata haudungi, lakini meno anayo: mvamizi hung'atwa nywele na kope, tena akapakwa utomvu. Mimi ningemwita nyuki asiyedunga. Baadhi ya Watanzania humwita mpunze, wakakwepa ugomvi wote huu.

Neno linaloleta hasara hasa ni sega. Nyuki asiyedunga hana sega la asali. Asali yake hukaa katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu, pembeni mwa vyumba vya watoto. Anayeingiza kisu akitafuta sega huishia kukata watoto. Nyuki mwenye mwiba humlisha buu wake kidogo kidogo hadi akue; hawa hujaza chumba chakula mara moja, malkia akataga yai, wakaziba. Chumba kikipasuka, chakula humwagika, na harufu yake huita vijinzi ambavyo mabuu yao yanaweza kumaliza kiota kizima.

Malkia mzee wa nyuki asiyedunga tumbo lake ni zito, hawezi kuruka. Nyuki mwenye mwiba akichokozwa sana huhama. Kundi la hawa halina pa kwenda, na hilo ndilo linalomfaa mkulima mdogo. Huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako kimebaki kipande cha msitu ulio wa jamii moja na huu wetu wa Kisangani, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimewafundisha wanavijiji kuwafuga karibu na nyumba, katika visanduku vyenye chumba cha watoto na chumba cha asali. Mvunaji hatoboi ila vijungu, akaiacha asali ichuruzike au akaivuta kwa sindano. Hahitaji vazi la kujikinga. Msituni Tshopo mti huangushwa kwa shoka kwa ajili ya mlo mmoja, ilhali gogo lile lingekatwa juu na chini ya kiota, likazibwa na kubebwa hadi uani.

Asali yenyewe ni chache, nyepesi na yenye uchachu. Kanuni za kimataifa zinataka maji yasizidi asilimia 20, lakini zimeandikwa kwa kipimo cha nyuki mwenye mwiba. Asali hii mara nyingi hufika 25 hadi 30. Mnunuzi akiinamisha chupa na kuona inavyotiririka, atasema imetiwa maji. Pia huchachuka upesi, na chupa iliyofungwa kwa nguvu huvimba gesi. Ndiyo maana wafugaji huiuza kama dawa, kwa vichupa vidogo na kwa bei ya juu. Anayeiuza kwa kilo, kando ya ile nyingine, atapata hasara.