Fuvu linalocheka na viganja vilivyokutana

Dada yangu mkubwa anaishi Msambweni na umri wake umepita miaka 75. Kusoma anajua sana. Alifundishwa na mama yetu kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kabla hajafundishwa hati ya Kilatini shuleni, na hadi leo orodha yake ya vitu vya sokoni huiandika kuanzia kulia. Kwa hivyo aliponipigia simu usiku mmoja na kuniambia, "Ndugu yangu, nimeona maandishi na siyawezi," nilijua jambo si la kawaida.

Mjukuu wake mmoja anasomea chuo Nairobi. Mwingine anakaa naye nyumbani. Simu ya huyu wa nyumbani ilikuwa inachajiwa sebuleni, ikalia, na katoto ka jirani kakasoma kwa sauti kilichotokea kwenye kioo. Dada akaomba kipigwe picha, akaniletea. (Vijana wote wawili wameniruhusu kuyaandika haya, na majina yao nayaacha.) Picha ya kwanza ilikuwa na mistari miwili tu:

"Niaje buda. Cna fare ya kurudi, shule imenimaliza 💀💀"

"Wueh 😭😭 umenideadisha. C ulisema umelipa?"

Dada alikuwa ameyasoma hivi: mtoto amemalizwa, kuna mafuvu mawili, mwenzake analia machozi kama mvua na kutaja mauti. Alikuwa tayari kwenda kwa chifu asubuhi.

Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayedhani anajua. Nikamwambia, "Hawa wanacheka tu, dada. Fuvu ni kucheka." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na machozi?" Nikasema nayo ni kucheka. "Basi wakitaka kulia, huweka nini?" Swali hilo sikulijibu vizuri usiku ule.

Tuanze na herufi, maana ndizo zenye historia ndefu zaidi. "Cna" ni "sina", na "c" ya mstari wa pili ni "si". Ili kuisoma, unahitaji kuitamka herufi C kwa jina lake la Kiingereza, "si", kisha kulirudisha jina hilo katika sentensi ya Kiswahili. Dada yangu hakulelewa na jina hilo. Katika alfabeti yake C haisimami peke yake, lazima ishikwe mkono na H. Akiona "cna" anaona kosa la mpiga chapa. Hali ni hiyo hiyo kwa "m2" na "w2", yaani mtu na watu, ambamo tarakimu hutamkwa kwa Kiingereza ikawa silabi ya Kiswahili.

Mtindo huu ulikuzwa na ufinyu wa chombo. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, akiwa Bonn, alichapa sentensi za kawaida kwenye taipureta, akahesabu herufi, akaridhika kwamba herufi 160 zinatosha kwa ujumbe mfupi. Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Simu zilipoenea kwetu kuanzia miaka ya 2000, kila ujumbe ulilipiwa, na ukipita 160 ulilipiwa mara mbili. Nasi maneno yetu yana viambishi vingi, hayafupiki kirahisi.

Ila gharama si yote. Chukua kile kitufe kidogo cha simu za zamani. Herufi S ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7, hivyo ulikibonyeza mara nne kuipata. C ilikuwa ya tatu kwenye kitufe cha 2. Kuandika "sijui" kulihitaji mibonyezo 13. "Cjui" ilihitaji 9. Wazee wenzangu wamelalamika miaka mingi kuhusu vijana wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa", wakisema huo ni ulimbwende mtupu kwa sababu herufi ni nne kwa nne. Nami nilisema hivyo darasani. Siku moja nikahesabu vidole badala ya herufi: "sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana leo simu ni za kugusa kioo na bado "xaxa" inaandikwa. Kilichoanza kama njia ya mkato kimebaki kama vazi la rika. Mfasiri hana haja ya kumweleza mama mzee haya yote. Inatosha kumwambia "cna ni sina". Lakini yeye mwenyewe lazima ajue lipi ni ufupisho tu na lipi ni vazi, kwa kuwa vazi nalo linasema kitu kuhusu anayeandikiwa: haya huyaandikii mwajiri wako.

Kwenye mafuvu nilitumia njia nyingine. Asubuhi yake nilimpigia dada nikamkumbusha simu za maandishi, zile za posta tulizokuwa tukiziona utotoni, zilizolipiwa kwa neno. Ikija karatasi imeandikwa "Mama mgonjwa njoo upesi", hakuna aliyefunga safari na dawa. Watu walianza kulia palepale. "Mgonjwa" ilikuwa maiti, na kila mtu alijua. Dada akacheka kwa mara ya kwanza. Nikamwambia vijana wamegeuza upande wa pili: wanaandika mauti wakikusudia kicheko. "Kufa kwa kicheko" si jambo geni kwetu, tunasema kila siku kwamba fulani alituvunja mbavu na hakuna anayepelekwa hospitali. "Umenideadisha" ni kitenzi cha Sheng kilichoundwa juu ya neno la Kiingereza la ufu, kikavishwa kiambishi cha kutendesha cha Kiswahili bila kukosea hata kidogo. Uso wa kucheka hadi machozi, 😂, ulikuwapo, na mwaka 2015 kamusi za Oxford ziliuteua kuwa neno la mwaka. Wazazi walipoanza kuutumia, vijana waliuona umechuja, wakahamia kwenye kilio na fuvu.

Hapo nilidhani nimemaliza. Ndipo ikaja picha ya pili.

"Nilisema tu. Mathe na shosh hawajui. Nisaidie na soo tano 🙏"

"👍"

Dada alikuwa na swali moja lililomkosesha usingizi kuliko mafuvu. Mjukuu wake amemwita mwenzake "buda", kisha ameunganisha viganja. Je, mtoto amebadili dini? Sisi tukiomba dua huinua viganja wazi. Viganja vilivyobanana amewaona Wahindi na Wakristo wakivitumia. Sikuthubutu kucheka, kwa sababu alivyosoma vilikuwa na mantiki yake: neno "buda" kwake lilisikika kama la Uhindini, na picha ililithibitisha. Nilimweleza kwamba "buda" katika Sheng ni baba au rafiki wa kiume, haina mahekalu.

Viganja vina safari ndefu zaidi. Emoji ni neno la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Seti iliyojulikana zaidi ya mwanzo ilichorwa na Shigetaka Kurita mwaka 1999 kwa kampuni ya simu ya huko, picha 176, kila moja kwenye mraba wa nukta 12 kwa 12. Mwaka 2010 alama za simu za Kijapani ziliingizwa katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, na hapo viganja vikapewa jina rasmi PERSON WITH FOLDED HANDS, yaani mtu aliyekutanisha mikono. Jina halitaji sala. Kwa Mjapani ishara hiyo ni ya kuomba hisani, kushukuru au kutaka radhi. Ilipofika kwetu watu wa makanisa wakaiona ni sala, wengine wakaiona ni "asante". Viganja wazi vya dua, 🤲, vilingoja hadi 2017 kuongezwa.

Kwa hivyo 🙏 katika mstari ule ilikuwa na kazi moja tu: tafadhali. Na hapa ndipo niliposhtuka mwenyewe. Usiku nilikuwa nimesema wanacheka tu. "Soo" ni shilingi mia, "soo tano" ni mia tano, nauli. "Nilisema tu" maana yake karo haikulipwa. "Mathe na shosh hawajui" maana yake mama na bibi wamefichwa. Katika mstari wa kwanza, "shule imenimaliza 💀💀" ilikuwa kweli tupu iliyovikwa kicheko ili iweze kusemeka. Nilikuwa nimefasiri alama kwa usahihi na nikamkosa mtu. Laiti ningeomba mazungumzo mazima kabla ya kufungua kinywa.

Niliyaandika upya kwenye karatasi, nikamsomea dada mstari kwa mstari: kwanza maneno kamili, kisha anachofanya msemaji. "Sina nauli ya kurudi, mambo ya shule yamenishinda, anasema kwa mzaha, lakini jambo ni la kweli." "Umenivunja mbavu. Si ulisema umelipa? Amecheka, kisha ameuliza kwa dhati." "Nilisema tu. Mama na bibi hawajui. Nisaidie na shilingi mia tano, tafadhali. Hapa hakuna mzaha, angalia fuvu limetoweka."

Dole gumba lilinisumbua. Dada aliona limeelekea juu, akasema, "Alhamdulillahi, amekubali." Inawezekana. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan nchini Kanada iliamua kwamba dole kama hilo, lililotumwa na mkulima kujibu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, lilitosha kuwa sahihi yake, naye akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000. Jaji aliangalia mikataba ya awali ya watu hao wawili, ambayo mkulima alikuwa akiikubali kwa neno moja au mawili mafupi. Lakini miongoni mwa vijana wengi dole tupu, bila neno, ni mlango uliofungwa kwa adabu: nimeona, tusiendelee. Alama haiwezi kukata shauri. Linalokata ni kinachofuata, na kilichofuata, saa nne baadaye, kilikuwa maneno mawili kutoka Nairobi: "Ama basi." Hela haikuwa imetumwa. Nilimwambia dada nasoma hivyo, na kwamba naweza kukosea kwenye dole, si kwenye "ama basi".

Hakunijibu. Alimtumia mjukuu mia tano kwa M-Pesa, bila salamu, jambo ambalo kwa mtu wa barua za "baada ya salamu" ni ukali mkubwa. Jibu likaja: "Asante shosh 🙏". Akaniuliza viganja wazi viko wapi kwenye simu yake, nikamwelekeza, akavituma. Habari ya karo waliizungumza siku mbili baadaye, kwa sauti, na mlango umefungwa.