SALAMU YA DARASANI: NANI AANZE, MWALIMU AU WATOTO?



Ndugu zangu, kijana mmoja anayefundisha madrasa hapa Ifakara ameniuliza: "Ustadhi, nikiingia tu, watoto wanasimama na kunitolea salamu kwa pamoja. Je, si mimi niliyetakiwa kuanza?" Swali lake ni zuri, na jibu lake lina historia ya bonde letu hili la Kilombero ndani yake.

Mzee wangu alisoma shule ya misheni miaka ya 1950. Wakati huo shule nyingi za huku zilikuwa mikononi mwa mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao walifika nchini mwaka 1921. Mwalimu akiingia anasema "Tumsifu Yesu Kristu", na darasa zima linaitika "Milele na milele, amina". Mzee alituambia kwamba yeye na watoto wenzake wa Kiislamu walikuwa wakisimama na kuchezesha midomo tu, bila kutoa sauti. Hakuchapwa kwa hilo, lakini kila asubuhi somo lilianza yeye akiwa nje ya sauti ya wenzake. Hesabu aliijua, lakini kunyoosha mkono aliogopa mpaka anamaliza.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na Serikali ikachukua shule za misheni. Mimi niliingia darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa UPE, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuamua kila mtoto asome. Tulijaa mpaka wengine wanakaa chini. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka darasa la saba juzi tu. Mngeshangaa alivyolituliza darasa lile. Kiranja anaita "Simameni!" Sisi: "Shikamoo mwalimu!" Yeye: "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo!" Hapo hasemi kitu. Anangoja mpaka aliyekuwa anasukumana na mwenzake aache, ndipo anasema "Kaeni", nasi "Asante mwalimu".

Kazi yote ilikuwa katika kule kungoja. Mtoto hawezi kuitikia na kupiga soga kwa mdomo ule ule, na akishasimama mikono imetoka kwenye mambo yake. Tena mwalimu alikuwa anasikiliza. Mpunga ukianza kuiva, wengi tulikuwa tunalala shamba kwenye madungu kufukuza ndege. Sauti ya darasa ilipungua, na yeye alijua upande gani umepungua kabla hajafungua daftari la mahudhurio.

Na ile shikamoo, wazee wanasema asili yake ni "nashika miguu yako". Nimeshasikia wanaoipinga kwa maneno hayo. Mimi naona ni adabu kwa mkubwa, mradi isichukue nafasi ya salamu ya Kiislamu. Kwa mtoto wa UPE ilikuwa na faida moja iliyo wazi: Muislamu na Mkristo waliitoa kwa sauti moja, hakuna aliyechezesha midomo.

Sasa turudi madrasa. Watoto wetu wanatoka shuleni, na ile desturi ya mdogo kumwanza mwalimu wanakuja nayo. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) mdogo humsalimia mkubwa, ni kweli, lakini pia anayepita humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi. Mwalimu anayeingia ni mmoja, amewakuta wamekaa. Kwa hiyo aanze yeye. Wakimtangulia hawana dhambi, awajibu tu. Na akisalimia yeye, mmoja wao akijibu imewatosha wote. Kuitika wote ni bora zaidi, na kwa mwalimu ndiyo njia ya kuwakusanya.

Mimi nilipowabadilisha wangu, baada ya Alasiri, nilisimama mlangoni nikasalimia kwa sauti ya kawaida. Wakajibu wa mbele tu, wa nyuma wanagombea juzuu. Sikupaza sauti. Nikarudia, safu za katikati zikaingia. Mara ya tatu wakajibu wote. Mtume naye alikuwa akirudia salamu mara tatu, basi sikuvuka hapo. Baada ya wiki mbili hivi mara moja ilitosha.

Ila angalieni mambo mawili. La kwanza, watoto wakizoea huivuta kama wimbo, "rahmatullaahi" inamezwa, inabaki kelele. Hapo mwambie mmoja ajibu peke yake, taratibu, kisha wote. La pili ni ile "Mmeelewa?" na "Ndiyooo!" Mwitikio wa pamoja unakuonyesha nani yuko tayari kusoma. Nani ameelewa haukuonyeshi. Juzi darasa zima limeniitikia "Ndiyo" katika hukumu ya nun sakina. Nikamwita mmoja mmoja ubaoni, wa kwanza alikwama, wa pili alikwama, wa tatu akaniuliza nun sakina ndiyo ipi.