Ufahamu wa fonimu: kina, kuunganisha na kutenganisha sauti

Maana. Ufahamu wa fonimu ni uwezo wa kusikia na kuchezea sauti moja moja za neno linalotamkwa, kabla ya herufi kuonyeshwa. Ni sehemu ya ufahamu wa sauti za lugha, ambao hujumuisha pia silabi na vina.

Kina. Katika ushairi wa Kiswahili, kina ni silabi ya mwisho inayofanana: *Musoma* na *chama* yana kina *ma*. Hivyo mtoto anayeoanisha maneno haya amesikia silabi, lakini hajalazimika kutenga /m/ na /a/. Mazoezi ya vina ni mwanzo mwema, ila hayatoshi kuthibitisha kwamba fonimu zimesikika. Kipimo chepesi ni hiki: mtoto aambiwe aseme *sita* bila /s/. Akijibu *ta*, ameondoa silabi nzima. Akijibu *ita*, ameondoa fonimu.

Kuunganisha. Mwalimu hutamka sauti kwa mfuatano, na mtoto hutaja neno. Inafaa kuanza na sauti zinazoweza kurefushwa, kama /s/, /m/, /n/ na /f/: *sss-iii-mmm-aaa* huwa *sima*. Vipasuo kama /k/ na /t/ havirefushwi, na mwalimu huelekea kuviongezea irabu. Akisema *ka-a-ta-a* akikusudia *kata*, mtoto husikia *kaataa*, na kosa hilo si la mtoto.

Kutenganisha. Mtoto husogeza kizibo kimoja cha soda kwa kila sauti anayoitamka. Neno *chama* lina silabi mbili (*cha-ma*), fonimu nne (/ch/, /a/, /m/, /a/) na herufi tano. Vizibo viwili huonyesha kwamba mtoto bado anahesabu silabi. Vitano huashiria kwamba amekwisha kuona tahajia na anahesabu herufi. Maneno ya kuanzia yawe na muundo wa konsonanti na irabu. *Mbwa* na *ndege* yasubiri, kwa kuwa mifuatano *mb* na *nd* huwatatiza hata wanaisimu wanapoamua idadi ya fonimu.

Lugha ya nyumbani. Katika kata kama Bweri, Manispaa ya Musoma, darasa la awali linaweza kuwa na watoto wanaozungumza Kijita, Kikwaya au Kikurya nyumbani. Kikurya kina /r/ lakini hakina /l/. Kwa hiyo mtoto anaweza kutamka *kula* kama *kura*. Akisogeza vizibo vinne na kutamka /k/, /u/, /r/, /a/ kwa mpangilio, ametenganisha sawasawa. Kilichobaki ni kutofautisha /l/ na /r/ kwa jozi kama *kula* na *kura*, zoezi ambalo lisichanganywe na upimaji wa kutenganisha sauti.

Tanbihi ya matumizi. *Fonimu* ni sauti, *herufi* ni alama ya maandishi. Kauli «tenganisha herufi za neno» haifai katika mazoezi haya.