Kupandisha na kuambatisha: istilahi mbili za kaunta ya vifaa vya simu

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukaomba chaja, huenda ukaonyeshwa kwanza chaja ya bei kubwa kuliko ile uliyoifikiria, kisha ukaulizwa kama unataka na kava. Muuzaji amefanya mambo mawili tofauti, na wanaofundisha mauzo wanayaita apseling na krosseling. Makala hii inapendekeza tuyaite kupandisha na kuambatisha. Inaeleza pia kwa nini maneno mengine yaliyo karibu hayafai, na jinsi maneno hayo mawili yanavyopaswa kuongoza anachosema muuzaji mbele ya mteja.

Kupandisha ni kumwelekeza mteja kwenye bidhaa ya daraja la juu inayotimiza haja ileile aliyokuja nayo. Alitaka chaja, anaondoka na chaja, ila iliyo bora zaidi. Kuambatisha ni kumpendekezea bidhaa nyingine inayokwenda pamoja na ile aliyoinunua: waya, kava, protekta au pawabenki. Ukitaka kuvitofautisha bila kubahatisha, tazama risiti. Kupandisha hubadilisha bei kwenye mstari uleule, na kuambatisha huongeza mstari mpya.

Wapo wanaosema “kuuza zaidi” kwa mambo yote mawili. Tatizo ni kwamba anayeuza protekta mia badala ya hamsini naye ameuza zaidi, hata kama hakumshauri mteja yeyote. “Kuongeza bei” ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu bei ya kila bidhaa imebaki vilevile na kilichobadilika ni bidhaa yenyewe. Wengine hupenda “mauzo ya nyongeza” kwa maana ya kuambatisha. Lakini mteja wa sokoni anajua nyongeza ni nini: ni ile nyanya moja anayotupiwa bure juu ya fungu. Muuzaji akimwambia “nakuwekea nyongeza ya kava”, mteja ana haki ya kudhani kava hailipiwi, na ugomvi utakuja wakati wa hesabu. Neno kuambatisha halina utata huo. Kinachoambatana na kingine kina bei yake, lakini kina sababu ya kuwa pamoja na mwenzake.

Sababu hiyo ndiyo inayotenga kuambatisha na kubambikia. Mteja akibebeshwa kitu kisichomfaa, amebambikiwa, hata kama muuzaji alitabasamu na maneno yalikuwa matamu. Mwongozo wa maneno, yaani mazungumzo yaliyoandaliwa ili wauzaji wote wa duka wayafuate, hauna budi kumlazimisha muuzaji aijue sababu kabla ya kutaja bidhaa. Kwa hiyo mwongozo mzuri huanza na maswali. Pendekezo hufuata.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza vitenge, aliyefika kaunta na simu ya Android inayotumia waya wa Taipu C.

“Shikamoo mama, karibu.”
“Marahaba mwanangu. Nataka chaja, yangu imeungua umeme uliporudi.”
“Pole sana. Naomba niione simu. Huwa unachaji usiku, au mchana ukiwa kazini?”
“Mchana. Nyumbani umeme wa kubahatisha. Nachomeka dukani kwa jirani, nusu saa hivi nikiwa nakula.”

Swali hilo la muda wa kuchaji ndilo linaloamua kama kuna haja ya kupandisha. Tuseme duka lina chaja ya wati 10 kwa shilingi 12,000 na nyingine ya wati 18 kwa shilingi 20,000. Mama huyu angekuwa anachaji usiku kucha, chaja ya wati 10 ingemtosha kabisa, kwa kuwa betri ya kawaida ya mAh 5,000 hujaa nayo kwa saa mbili na nusu hivi au tatu, na alfajiri angeikuta imejaa. Katika hali hiyo muuzaji mwaminifu angempa ya 12,000 na kunyamaza. Lakini huyu ana nusu saa tu. Betri ya mAh 5,000 hubeba nishati ya wati-saa 19 hivi. Kwa nusu saa chaja ya wati 10 hutoa wati-saa 5 na ile ya wati 18 hutoa 9, na sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto. Ya kwanza itampa takriban asilimia 20 ya betri, ya pili karibu asilimia 40. Tofauti hiyo ataiona kila siku ifikapo jioni.

Kabla ya kulisema hilo, muuzaji ana jambo la kuhakikisha: je, simu yenyewe inapokea wati 18? Simu huvuta kiasi ilichoundwa kuvuta. Simu ya wati 10 ukiichomeka kwenye chaja ya wati 65 haitaungua, lakini pia haitachaji kwa kasi zaidi, na fedha ya ziada itakuwa imepotea bure. Kwenye mwili wa chaja kumeandikwa kwa maandishi madogo volti na ampea inazotoa, kwa mfano 5V 2A au 9V 2A. Zidisha namba hizo mbili upate wati: ya kwanza ni 10, ya pili ni 18. Hata hivyo maandishi hayatoshi. Simu na chaja hupatana kwanza juu ya volti za kutumia, na kampuni nyingi zina taratibu zao za kupatana. Chaja ya wati 33 iliyotengenezwa kwa simu za kampuni moja inaweza kuitolea simu ya kampuni nyingine wati 10 tu.

Ndiyo maana duka lolote linalopandisha wateja chaja linapaswa kuwa na kile kipimo kidogo chenye kioo, kinachochomekwa kati ya chaja na waya kuonyesha volti na ampea. Kwa chaja ya 9V 2A, kikisoma volti 9, simu na chaja zimepatana. Kikibaki kwenye 5, kasi iliyoahidiwa haipo. Simu nyingi pia huandika kwenye kioo chake kwamba inachaji kwa haraka. Jaribio hili hufanywa betri ikiwa imeshuka, kwa sababu simu iliyokaribia kujaa hupunguza kasi yenyewe na chaja nzuri ikaonekana mbovu.

“Mama, hii ni ya wati 10, shilingi 12,000. Itafanya kazi vizuri. Lakini kwa nusu saa yako ya mchana hii ya wati 18 itakupa karibu mara mbili, na simu yako inaipokea, tazama hapa. Tofauti ni shilingi 8,000.”

Tazama mambo matatu katika maneno hayo. Muuzaji ametaja bidhaa ya bei ndogo kwanza, wala hakuiponda. Ameifunga sababu kwenye jambo ambalo mama amelisema mwenyewe. Tena ametaja tofauti ya bei, shilingi 8,000, kwa sababu hicho ndicho mteja anachopaswa kukipima dhidi ya faida anayoongezewa. Akishamaliza, anasubiri. Kuendelea kuongea hapo ni kumnyima mteja nafasi ya kuhesabu.

Mama akikubali, ndipo zamu ya kuambatisha inapofika. Mpangilio huu una sababu yake. Kupandisha hufanyika mteja akiwa bado anachagua. Akishaamua, kumwonyesha chaja nyingine kunamrudisha kwenye mashaka, na anaweza kuondoka bila chochote. Kuambatisha hufanyika baada ya uamuzi, kwa sababu kabla ya hapo hakuna kitu cha kuambatana nacho.

Cha kuambatisha kitafutwe kwa macho. Simu ilipokuwa mkononi kwa ajili ya kipimo, muuzaji aliona protekta imepasuka kona.

“Protekta yako imepasuka hapa pembeni, mama. Mpya ni 5,000 na nakubandikia sasa hivi. Ikiingia vumbi naibadilisha bila malipo.”
“Leo hapana, mwanangu.”
“Haina shida, mama. Chaja yako hii hapa.”

Pendekezo ni moja, na “hapana” ya kwanza ndiyo ya mwisho. Mwongozo unaomwagiza muuzaji kuorodhesha kava, pawabenki, spika za masikioni na kishikio cha simu baada ya kila chaja unamgeuza kuwa mbambikiaji, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokitafutia sababu.

Protekta nayo ina mipaka ambayo mwongozo unapaswa kuisema wazi. Maandishi ya 9H kwenye pakiti yanatokana na kipimo cha ugumu kinachotumia penseli, na mchanga ni mgumu kuliko penseli, kwa hiyo bado unaweza kukwaruza kioo hicho. Kwenye simu zinazosoma alama ya kidole kupitia kioo, protekta nene inaweza kuzuia usomaji huo, hasa kwenye simu zinazotumia mawimbi ya sauti, kama baadhi ya Samsung za daraja la juu tangu Galaxy S10 ya mwaka 2019. Muuzaji akishabandika, amwombe mteja afungue simu kwa kidole palepale kaunta. Ikigoma, aibandue.

Mambo yanapoharibika, daftari la duka huonyesha mapema, mradi liwe na safu tatu. Ya kwanza ni wastani wa thamani ya risiti. Ya pili ni kiwango cha kuambatisha: ukiuza chaja 40 kwa wiki na 12 kati ya hizo ziliondoka na kitu kingine, kiwango chako ni asilimia 30. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni bidhaa zilizorudishwa pamoja na sababu zake. Safu mbili za kwanza zikipanda na ya tatu ikatulia, wauzaji wanaambatisha. Zote tatu zikipanda pamoja, wanabambikia, na ile faida iliyoonekana mwanzoni mwa mwezi inarudi kaunta mikononi mwa wateja wenye hasira. Anayelipwa kamisheni kwa kila mstari wa risiti atasukumwa kubambikia hata kama mwongozo wake ni mzuri. Kwa hiyo kamisheni ya bidhaa iliyorudishwa kwa sababu haikuendana na simu ikatwe, na wauzaji waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna na upande wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kuiita chaja “orijino” wakati siyo, au kutaja wati ambazo haitoi, ni upotoshaji. Kwa hiyo mwongozo wa maneno uandikwe kwa namna ambayo kila sentensi yake muuzaji anaweza kuithibitisha papo hapo: kwa maandishi yaliyo kwenye bidhaa, kwa kipimo, au kwa simu ya mteja mwenyewe. Sentensi isiyothibitika hivyo ifutwe, hata kama ndiyo inayouza kuliko zote.