Popobawa: Jini Aliyesafiri kwa Midomo ya Watu

Usiku mmoja wa Julai, katika chumba nilichopanga Bagara hapa Babati, niliamka nikashindwa kuamka. Macho yalikuwa wazi. Dirisha nililiona, na bati nililisikia likigongwagongwa na upepo unaoshuka kutoka Mlima Kwaraa. Lakini mkono haukunyanyuka, sauti haikutoka, na kifua kililemewa kana kwamba nimewekewa gunia la mahindi. Karibu na mlango palisimama kitu cheusi. Kisha kidole kimoja cha mguu kikacheza, na vyote vikatoweka.

Asubuhi mama mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Ulilala chali, mwanangu?" Nilipokubali akasema, "Basi jinamizi hilo," akaendelea kuchambua maharage yake.

Jioni nikamsimulia Mpemba mwenye duka la kona. Yeye hakulichukulia kirahisi. Alisogeza mizani pembeni, akashusha sauti: "Harufu hukusikia, ndugu yangu? Wala makucha juu ya bati?" Mama yule aliona mkao mbaya wa kulala. Huyu alimwona popobawa.

Jina lenyewe limeungwa kwa popo na bawa, na wasimulizi wanasema linatokana na kivuli kama cha bawa kinachomfunika mtu kitandani. Pemba ina popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani, ambao mabawa yao yakitandazwa hupita mita moja na nusu. Hata hivyo popo hao hula matunda na hulala juu ya miti, hawana shida na vyumba vya watu. Popobawa ni jini. Wazee wa Pemba humtaja tangu miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964, na simulizi moja maarufu inasema aliachiliwa na shehe aliyetaka kuwakomoa majirani zake, kisha akamshinda nguvu bwana wake.

Uliomfanya ajulikane mbali ni mwaka 1995. Hofu ilianza Pemba katika Mwezi wa Ramadhani, ulioangukia Februari mwaka huo, ikapita kijiji kwa kijiji. Baadaye ikavuka hadi Unguja, mjini Zanzibar, kisha Dar es Salaam na miji mingine ya pwani ya bara. Watu walisimulia uzito kifuani, kukosa sauti na harufu mbaya. Wengi walisema jini huyo huwaingilia waliolala, wanaume kwa wanawake, na kwa mwanamume aibu ya kulitamka hilo ilikuwa kubwa kuliko maumivu yenyewe. Familia zilitoka vyumbani zikalala nje, barazani na uani, zimekusanyika pamoja kuzunguka moto, zikiamshana mpaka alfajiri.

Kinachompata mtu usiku wa namna hiyo kinaeleweka. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusiinuke na kutenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake halisi, lakini ndoto bado haijakatika, na kile kinachokosekana ubongo unakijazia: mtu mlangoni, hatua za miguu, mkono shingoni. Misuli ya kifua iliyolegea hufanya pumzi iwe fupi, na hapo ndipo unapotoka ule uzito. Hali hii hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa, na huja zaidi kwa aliyelala chali, mwenye wasiwasi, au aliyevurugikiwa na usingizi. Waethiopia wanamwita mgeni huyo dukaki. Kusini mwa Afrika wapo waliopandisha vitanda juu ya matofali ili tokoloshe asiwafikie.

Lakini jinamizi humpata mtu mmoja mmoja, miaka nenda miaka rudi, bila kijiji kizima kuhama vyumba. Ili liwe taharuki, linahitaji chombo cha kulibeba, na popobawa alikuja nacho. Ilisemwa kwamba humwamuru aliyemshambulia akawaeleze wenzake, la sivyo atarudi. Kwa kawaida aibu ingelifunga jambo kama hilo ndani ya nyumba. Sharti hili liliigeuza: sasa hatari ilikuwa kunyamaza. Kila aliyesimulia alijikinga, na papo hapo akampa msikilizaji maneno ya kulielezea jinamizi lake mwenyewe litakapomjia.

Kinga ya pili ilikuwa kukesha, nayo ikauchochea moto. Ramadhani tayari hubadilisha saa za kulala, watu wakiamka kula daku. Ukiongeza usiku wa kulala kwa zamu, ukishtuliwa kila jani linapoanguka, umeutengeneza usingizi uliokatikakatika ambao jinamizi huupenda. Anayelala saa kumi akiwa amechoka na amejaa hofu ndiye anayeelekea kuamka amebanwa. Kesho yake kuna shahidi mpya.

Mwaka 1995 pia ulikuwa na sababu nyingine ya watu kutazamana kwa jicho la pembeni. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ulikuwa unakuja Oktoba, na Pemba ilikuwa ngome ya CUF. Uchaguzi huo uliisha kwa Salmin Amour wa CCM kumshinda Seif Sharif Hamad kwa tofauti isiyofika kura 2,000. Katika hali hiyo, upande mmoja ulisema jini ameletwa na upande wa pili. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeuchunguza mkasa huo, ameonya tusikimbilie kusema siasa ndiyo iliyozaa popobawa, kwa sababu alikuwapo kabla ya kura za vyama vingi kurudi. Siasa ilimkuta akiwa njiani, ikampa mtu wa kumtuma.

Wala taharuki haihitaji jini. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali ile ikazuka Nshamba, ikawapata watu 217. Madaktari hawakupata kijidudu wala sumu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Ilipita kwa waliofanana umri na hali ya maisha, waliotazamana kila siku. Ndivyo ilivyokuwa kwa popobawa: alipita mle mlimopita mazungumzo, ndugu na vyombo vya baharini.

Mpaka hapo mtu anaweza kutabasamu. Lakini hofu isiyo na uso hutafuta uso. Mjini Zanzibar, mwaka huohuo wa 1995, umati ulimuua mgeni mmoja mwenye matatizo ya akili kwa kudhani ndiye popobawa. Popobawa mwenyewe hakukamatwa.

Nilimweleza muuza duka habari za misuli na ndoto. Alisikiliza hadi mwisho huku akinipimia sukari, kisha akasema 1995 alikuwa mtoto na anakumbuka jambo moja kuliko yote: wakubwa wakimwamsha kila alipoanza kusinzia.

"Kwa hiyo hukulala?" nikamuuliza.

"Nililala, kaka. Alfajiri. Na ndipo aliponijia."

Hakuna kitabu kingenieleza vizuri zaidi. Nikalipia sukari, na usiku ule nikalala ubavu.