Bugali bila mabonge: namna ya kuisonga kwa mtu anayeanza

Bonge la bugali ni bunga kavu iliyofungiwa ndani. Bunga ikianguka kwa wingi ndani ya maji yanayochemka, sehemu ya nje inaiva palepale na kuwa kama gundi. Ile gundi inazuia maji kupita, kwa hiyo ndani inabaki bunga mbichi. Hata mpishi asonge namna gani, bonge likisha kufungwa hivyo halilainiki tena peke yake, lazima livunjwe. Ndiyo maana wanaojua wanashughulika na mabonge mwanzoni kabisa, mbele mkono haujachoka.

Tuseme ni bugali ya watu wane, ya mahindi ikichanganywa na mihogo, kama wengi wanavyokula Kivu. Kikombe kimoja kinapima vyote: maji vikombe vine, bunga ya mahindi vikombe viwili na nusu, ya mihogo kimoja. Bunga zote zinachekechwa, na kila moja inakaa kwenye sahani yake. Kingine kidogo cha mahindi kinawekwa pembeni, maana bunga hazinywi maji sawasawa.

Vikombe vitatu vya maji vinaingia sufuria na kupanda mbabula. Kile cha ine kinabaki baridi, na ndani yake mpishi anakoroga nusu kikombe cha bunga ya mahindi mpaka iwe kama maziwa. Katika maji baridi bunga haiivi, inatawanyika tu. Maji ya motoni yakianza kupata moto lakini hayajachemka, ule mchanganyiko unamwagwa humo huku mwiko unazunguka bila kusimama. Unakuwa uji, na uji huo unachemka dakika tano hivi. Anayeanza asiruke hapa. Bukavu na Goma ziko juu, kama mita 1,500, na maji yanachemka kwenye digrii karibu 95 badala ya 100. Kule bunga ya mahindi inataka muda kidogo zaidi kuliko Uvira, chini kando ya Tanganyika.

Sasa makala yanapunguzwa. Bunga ya mahindi iliyobaki inaingia konzi moja moja, na hakuna konzi mpya mpaka ile ya kwanza imepotea ndani ya uji. Kwanza mwiko unazunguka. Uji ukiwa mzito, kuzungusha hakutoshi tena, na hapa ndipo wengi wanakosea: wanazungusha katikati tu, na bunga inakimbilia pembeni. Mkono mmoja unashika sufuria kwa kitambaa, isiteleze kwenye mbabula. Mwingine unapeleka mwiko mpaka chini, unavuta bugali kuelekea ukuta wa sufuria, unaikandamiza pale kwa ubapa, kisha unaigeuza juu chini. Chini, ukutani, kandamiza, geuza. Sufuria nayo inazungushwa kidogo kila mara ili upande mwingine upate zamu. Bonge likionekana linasagwa ukutani palepale, lingali dogo.

Bunga ya mihogo inakuja mwisho. Yenyewe inashika haraka na kuvutika, kwa hiyo sufuria inatolewa motoni kwanza, bunga inaingia mara mbili au tatu, na inasongwa kwa nguvu mpaka weupe wake upotee. Halafu inarudi kwenye moto mdogo dakika tatu, ikigeuzwa. (Mihogo michungu ambayo haikuloweshwa vizuri ni hatari, na kusonga hakuitoi sumu yote, hiyo kazi inafanyika kwenye kulowesha na kukausha.)

Bugali ikiwa ngumu mbele ya kuiva, mpishi anatoboa mashimo kwa mwiko, anamimina maji ya moto kidogo, anafunika dakika mbili, ndipo anasonga. Maji baridi yanaifanya iteleze bila kuchanganyika. Ikiwa laini sana, ile bunga ya pembeni inanyunyizwa kidogo kidogo, na bugali inapikwa tena dakika chache. Kuinyunyiza na kuitoa palepale ndiko kunakoacha ladha ya bunga mbichi.

Bugali iliyoiva inaachana na ukuta wa sufuria na inazunguka pamoja na mwiko kama kitu kimoja. Harufu ya bunga mbichi imeisha. Kipande kikibonyezwa kwa kidole kilicholoweshwa, hakigandi. Kikikatwa kwa kijiko cha maji, ndani hakuna alama nyeupe. Zikiwepo, bugali inarudi motoni na mabonge yanasagwa ingali ya moto, juu ya ikipoa mwiko hauingii tena. Kisha inafinyangwa kwa sahani iliyoloweshwa na kupelekwa mezani haraka, sombe ikiwa tayari.